Magauni Matano ya Nyongeza: kisa cha jibu la upole lililosomwa kama ndiyo

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mwenye karakana, aliyenikabidhi simu yake nisome meseji zote tangu siku ya oda hadi siku ya ugomvi. Majina, mji na rangi ya kitambaa nimeviondoa. Mwenye karakana nitamwita Fundi. Mteja nitamwita Mama, kwa kuwa hata kwenye meseji Fundi alimwita hivyo: ni mtu wa makamo, shangazi wa bibi harusi, na ndiye kamati ilimpa kazi ya kushughulikia sare. Fundi yeye ana umri wa mwanawe wa kwanza. Naomba msomaji aukumbuke umri huo, maana karibu kila neno katika kisa hiki liliandikwa kwa sababu yake.

Usuli

Karakana iko kwenye mji wa mkoa, Tanzania bara. Ina cherehani 3 za kushonea na 1 ya ova loki, mafundi 3 na kijana mmoja anayejifunza kazi. Oda nyingi siku hizi zinaingia kwa WhatsApp, na Fundi ndiye anayezijibu, mara nyingi usiku baada ya kufunga.

Kamati ya harusi iliagiza magauni 12 ya kitenge yenye bitana. Walilipa nusu, vipimo vikachukuliwa karakanani, wakakubaliana kuchukua mzigo Alhamisi saa 10 jioni. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mpaka hapo mambo yalikwenda sawasawa, na Jumatatu jioni ya wiki ya harusi magauni 7 yalikuwa tayari, yamebaki 5.

Hesabu ya mikono ilikuwa hivi. Kati ya mafundi watatu, mmoja alikuwa kwenye sare za shule ambazo nazo zilikuwa na siku yake. Walibaki wawili. Gauni moja la aina ile, kuanzia kukata, kuweka bitana na zipu hadi kupiga pasi, linamchukua fundi mmoja siku nzima. Siku 3 kwa mafundi 2 ni magauni 6. Yaliyobaki ni 5. Nafasi iliyokuwapo ilikuwa ya gauni moja tu, na nafasi hiyo ndiyo akiba ya umeme kukatika au zipu kuharibika.

Meseji za Jumatatu usiku

Saa 2 usiku Mama aliandika:

"Fundi habari za jioni. Wanakamati wameongezeka 5. Kitenge nimepata kile kile. Naomba na wao uwashonee, tuchukue Alhamisi hiyo hiyo pamoja."

Baada ya dakika kama ishirini Fundi akajibu:

"Shikamoo mama. Nimeiona. Itakuwa ngumu kidogo kwa muda huu ila tutaangalia."

Mama: "Marahaba mwanangu. Asante sana, Mungu akubariki. Kesho kijana analeta kitambaa na vipimo."

Fundi: "Amina mama."

Nilipomuuliza Fundi alichokuwa anasema hapo, hakusita: alikuwa anakataa. Kwake meseji ile ilikuwa hapana kamili. Na Mama, kwa alivyoeleza baadaye, alikwenda kulala akijua amekubaliwa.

Kilichofuata

Jumanne asubuhi kitambaa kilifika, na kijana anayejifunza akakipokea, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asikipokee. Fundi alipokiona mezani aliudhika, lakini hakuandika chochote. Alidhani Mama amekileta kwa kubahatisha, kama kuna upenyo.

Jumatano mchana Mama alituma shilingi 50,000 kwa simu, na maneno haya: "Nimeongeza kidogo ili mkaze mwendo." Hapo Fundi alikwama kabisa. Kurudisha pesa ya mtu mzima aliyeituma kwa nia njema aliona ni kumtukana. Basi akafanya ambacho wengi wetu tungefanya: akajaribu. Alikata magauni 2 kati ya yale 5 ya nyongeza na kumwondoa fundi mmoja kwenye kazi ya asili kwa sehemu ya siku.

Alhamisi saa 10 jioni Mama alifika na wanawake wanne. Yalikuwapo magauni 11. La 12 lilikuwa bado halina zipu. Ya nyongeza hayakuwapo. Kulikuwa na vipande vya magauni mawili vilivyokatwa na kufungwa kwa uzi. Maneno aliyoyasema Mama mbele ya wateja wengine sitayarudia. Lililomuuma zaidi ni kwamba kwa muda uliobaki hapakuwa na fundi mjini wa kuyapokea, na hata angepatikana, vitambaa viwili vilikwisha kukatwa kwa mkono wa mtu mwingine.

Gauni la 12 lilikamilika Ijumaa. Wanakamati watano walivaa nguo zao za kawaida. Fundi alirudisha ile 50,000 Alhamisi usiku. Salio la oda ya asili lilichelewa kulipwa, na kamati nyingine ambayo Mama alikuwa ameahidi kumpelekea haikufika.

Kwa nini Fundi aliandika vile

Sitaki msomaji amwone Fundi kuwa mzembe au mwongo. Alijibu kama alivyolelewa. Mtu mzima akikuomba kitu uso kwa uso, humjibu "hapana". Neno lenyewe ni kavu: ha-pa-na, mahali hapa pana utupu, ndugu wa hakuna na hamna. Hata ukiulizwa umeoa, unajibu "bado", ingawa huna mpango wa kuoa. Unainamisha uso kidogo, unavuta pumzi, unasema "aaah mama, hapo kidogo...", na sentensi unaiacha ikielea. Mama anaiona shingo yako, anasikia sauti ilivyoshuka, na anaimalizia mwenyewe: "Basi mwanangu, naona umebanwa, ngoja nijaribu kwingine." Kukataa kumefanyika na hakuna aliyekutamka. Huo ni ustadi, na mimi naupenda.

Tatizo ni kwamba kukataa kwa namna hiyo kunakaa kwenye sauti na uso. Maneno yenyewe ni kifuniko tu. Fundi alipoandika, alituma kifuniko bila kilichokuwa chini yake. Mama aliyasoma maneno kama yalivyo, na kama yalivyo yanasema kazi ni ngumu lakini itaangaliwa.

Kuna sababu ya pili. Fundi aliogopa kupoteza oda za baadaye, akatumaini kwamba Mama "ataelewa". Hii ni hofu ya kibiashara, haina uhusiano na adabu, na nilimwomba azitenganishe hizo mbili, maana zinapojificha nyuma ya neno moja la upole mtu hajui tena analinda nini.

Uchambuzi wa maneno yaliyotumika

"Itakuwa ngumu kidogo." Sokoni kwetu, ngumu ni neno la bei. Ukimwambia dereva wa bajaji kwamba una mizigo mitatu akakujibu "itakuwa ngumu kidogo", unaongeza pesa, na mizigo inapanda. Mama naye alifanya hivyo hivyo. Ile 50,000 ya Jumatano haikuwa ubishi, ilikuwa jibu sahihi kwa meseji aliyoisoma. Basi kama kizuizi ni muda na si pesa, neno ngumu lisitumike, na ni vema kuandika waziwazi kwamba hata nyongeza ya malipo haitaongeza siku.

"Ila." Hapa ndipo naona somo kubwa kuliko yote ya kisa hiki. Kinachokaa moyoni mwa msomaji ni kile kinachofuata baada ya ila, lakini au isipokuwa. Fundi aliweka kizuizi kwanza na tumaini mwisho: ngumu, ila tutaangalia. Geuza mpangilio: "Ningependa sana kuwashonea wote, ila muda uliobaki hautoshi." Upole ni ule ule, na sentensi imefunga mlango badala ya kuuacha wazi. Nimewahi kusahihisha majibu kwa wateja ambamo sikubadilisha neno hata moja zaidi ya kuhamisha vipande viwili vya sentensi.

"Tutaangalia." Ni ahadi. Ndogo, lakini ni ahadi: kuna mtu atakaa, ataangalia, kisha ataleta jibu. Jibu lisipokuja, mteja anahesabu ukimya kuwa ni ndiyo. Katika familia hiyo hiyo wamo tutajitahidi, tutakujulisha na tuone itakavyokuwa. Pia inshallah, ambayo ni neno la imani na la kheri. Mtu anayeitumia kufunika kukataa alikokwisha kuamua analitumia neno kubwa mahali pasipo pake, na mteja Mwislamu atakasirika mara mbili. Kama kweli unakwenda kuangalia, andika saa: "Nitahesabu kazi usiku huu, kesho saa 3 asubuhi nakupa jibu." Kama jibu unalo tayari, usiangalie chochote.

"Kwa muda huu." Pamoja na kwa sasa na bado, linasema baadaye itawezekana. Yako majibu ambamo hilo ni kweli, kwa mfano duka lililoishiwa mzigo: "Zimekwisha, tunatarajia nyingine wiki ijayo" ni jibu jema kuliko "hakuna". Kwa harusi ya Jumamosi hakuna baadaye.

"Amina mama." Hili Fundi hakulifikiria kabisa, na nilipoligusa alinyamaza muda mrefu. Mama alimshukuru na kumwombea baraka kwa kazi aliyodhani imekubaliwa. Kuitikia amina ni kupokea shukrani, na kupokea shukrani ni kukubali deni. Hapo palikuwa nafasi ya mwisho ya kujirekebisha bila aibu kwa yeyote, saa 2 usiku ya Jumatatu, kitambaa kikiwa bado nyumbani kwa Mama. Ningeandika: "Amina mama. Ila naomba kitambaa usikilete kwanza, naona sikueleza vizuri."

Meseji tuliyoiandika upya

Tulikaa na Fundi tukaiandika kama ilivyopaswa kuwa Jumatatu ile. Tulianza na ndefu mno, tukakata, mwisho tukabaki na hii:

"Shikamoo mama. Nimepata ujumbe wako wa magauni 5 ya nyongeza, na nashukuru kwa kuniamini na hao wengine. Nimehesabu kazi: hadi Alhamisi jioni tunamaliza yale 12 tuliyokubaliana, haya 5 hayatawahi, hata tukikesha. Kwa hiyo naomba uniwie radhi mama, sitaweza kuyapokea. Naona afadhali nikwambie leo kuliko kukuangusha Alhamisi mbele ya wenzako. Kwa kitenge hicho naweza kuwatengenezea hao 5 vilemba na mitandio, mkachukua pamoja na magauni. Ukiona inafaa niambie kabla ya kesho saa 6 mchana. Kama ni lazima magauni, basi naomba utafute fundi mwingine kesho asubuhi, na kitambaa kipelekwe kwake moja kwa moja."

Hakuna neno hapana humo, wala hakuna nafasi ya kuisoma vibaya.

Tulibishana kuhusu sentensi moja, "sitaweza kuyapokea". Fundi alitaka "haitawezekana", kwa hoja kwamba kumwambia mtu mzima "mimi sitaweza" ni ukosefu wa adabu. Ana hoja. Vitenzi vya namna hiyo, haiwezekani, haipatikani, hairuhusiwi, vina uzuri wake: havimtaji mtu, kwa hiyo hakuna anayemkatalia mwenzake, jambo lenyewe ndilo limekataa. Kwa sentensi ya sababu ni sahihi kabisa, na ndiyo maana tuliandika "hayatawahi": magauni ndiyo yanashindwa kuwahi. Lakini jibu zima likiandikwa hivyo linanuka ukuta wa ofisi, na mtu anayeambiwa "haiwezekani" huuliza papo hapo, "haiwezekani kwa nani?" Nikamshauri sababu iachwe ijisemee yenyewe, na uamuzi uwe na mwenyewe. Pia nilimwonyesha tofauti ya siwezi na sitaweza. Siwezi, kwenye maandishi, huweza kusikika kama tabia au hata kama sitaki. Sitaweza inakaa kwenye jambo hili, wiki hii.

Lingine tulilopima ni namna ya kuomba radhi. Samahani mwanzoni mwa meseji humfanya mtu asubiri kuombwa kitu, maana ndivyo tunavyoanza maombi. "Tunasikitika kukujulisha" ina uzito wa barua ya kukosa kazi, na kwa waliokua na redio, wa matangazo ya vifo. Kwa magauni matano ni kubwa mno. "Pole mama" wapo wanaoitumia, hasa Kenya, lakini kwa masikio mengi ya Tanzania pole ni ya kumfariji aliyefikwa na jambo, siyo ya anayekiri kwamba hatatimiza. "Uniwie radhi" ilikaa vizuri: ni ya heshima, na anayeisema anajishusha mwenyewe.

Sababu nayo ina kipimo chake. Rasimu ya kwanza ya Fundi ilitaja sare za shule, fundi aliyeugua wiki iliyopita na umeme. Tukafuta vyote. Kila sababu unayoongeza ni kitu ambacho mteja anaweza kukusaidia kukitatua, "basi hizo za shule zisubiri", na mjadala unaanza upya. Sababu moja ya kweli, inayohesabika, inatosha.

Kuhusu vilemba, nilimtahadharisha asikiweke kitu mbadala kwa ajili tu ya kutuliza. Hiki kilikuwa cha kweli: kukata na kupiga pindo vilemba 5 na mitandio ni kazi ya mchana mmoja, tena anaweza kuifanya kijana anayejifunza, bila kugusa yale magauni 12. Kama kisingekuwapo, sentensi ya kumwelekeza kwa fundi mwingine mapema ingetosha, na kwa maoni yangu ndiyo sentensi ya upole kuliko zote katika meseji ile, kwa sababu inamrudishia Mama siku yake ya Jumanne.

Mteja akisisitiza

Mama wa tabia ile angesisitiza. Jibu la pili liwe fupi kuliko la kwanza, lisilete sababu mpya, na lirudie uamuzi kwa maneno yale yale: "Nakuelewa mama, na najua shughuli ni kubwa. Magauni hayo 5 sitaweza. Vilemba bado naweza hadi kesho saa 6." Ukibadilisha maneno, mteja anaona umeanza kulegea. Na pesa ikitumwa baada ya kukataa, irudishwe saa ile ile ikiwa na neno la shukrani. Fundi alihofia kurudisha ni tusi. Kurudisha Jumatano mchana kungekuwa jambo dogo. Kurudisha Alhamisi usiku kulikuwa kukiri.

Simu ingesaidia pia. Kwa mtu mzima ningepiga kwanza, niseme kwa sauti yenye heshima zote, kisha niandike meseji ili wanakamati wengine waione na kijana wa karakana ajue asipokee kitambaa. Yale maandishi ni ya watu watatu au wanne, ingawa yanaelekezwa kwa mmoja.

Baada ya hapo

Wiki ile ile ya ugomvi Fundi aliyumba upande wa pili. Mteja wake wa miaka mingi aliomba achukue nguo na kulipa mwisho wa mwezi, akajibiwa: "Hapana. Hatukopeshi." Mteja alisoma, hakujibu. Nilimkumbusha maandishi ambayo sote tumeyaona kwenye maduka, "Kukopa harusi, kulipa matanga". Yanakataa mkopo kila siku na hakuna anayenuna, kwa kuwa hayamlengi mtu. Yalikuwapo kabla hujafika. Ndiyo faida ya kueleza kanuni mapema. Tuliongeza kwenye meseji yake ya kupokea oda mstari unaosema nyongeza hupokelewa hadi siku 7 kabla ya siku ya kuchukua, na nguo hutoka baada ya salio kulipwa. Akikataa baadaye, anakumbusha tu walichokubaliana.

Mwezi uliofuata kamati nyingine iliomba nyongeza ya mashati 4, siku 3 kabla. Fundi alituma jibu la muundo ule tulioandika. Mteja alijibu kwa neno moja, "Sawa", na Fundi akanipigia akiwa na wasiwasi kwamba amekasirika. Sikuweza kumhakikishia. Mashati yalishonwa kwa jirani yake, na mzigo wa asili ulichukuliwa saa iliyopangwa, salio likiwa limelipwa.

Kwa Mama, Fundi alikwenda mwenyewe kuomba radhi, siyo kwa meseji. Alipokelewa, akapewa chai. Alichoambiwa ni kwamba Jumatatu ile usiku binamu yake Mama, ambaye naye ni fundi, alikuwa bado hajapokea kazi yoyote ya wiki hiyo.